Kidonda cha Mdomoni: Jeli Hutuliza, Lakini Siku Zihesabiwe

Mkaazi wa Voi anayepata kidonda mdomoni kwa kawaida huanzia kwenye duka la dawa. Huvuta mdomo wa chini, huonyesha kidonda, hupewa kichupa cha jeli na kwenda zake. Mara nyingi hilo hutosha, kwa sababu vidonda vingi vya mdomoni hupona vyenyewe hata bila dawa. Shida iko kwenye kile kidonda kimoja ambacho hakifungi, huku mwenyewe akimaliza jeli moja na kununua nyingine.

Kidonda cha kawaida ni rahisi kukitambua. Ni kidogo, hakifiki sentimita 1, kina weupe au umanjano katikati na wekundu pembeni. Hukaa ndani ya mdomo, shavuni au chini ya ulimi. Huuma sana siku za kwanza, hasa kwa pilipili na machungwa, kisha maumivu hupungua na kidonda hufunga kati ya siku 7 na 14. Wengine hukipata baada ya kujiuma au kuchomwa na mswaki. Wengine hurudiwa navyo kila baada ya miezi michache, na baadhi yao hupatikana wana upungufu wa madini ya chuma, wa vitamini B12 au wa foleti, jambo linalojulikana kwa kupimwa damu.

Jeli nyingi zinazouzwa hupunguza maumivu tu. Zenye lidokeini hutia ganzi kwa muda mfupi, kwa hivyo hufaa kupakwa kidogo muda mfupi kabla ya kula. Mdomo ukiwa na ganzi, chai ya moto yaweza kuunguza bila mtu kuhisi, kwa hivyo isubiri ipoe. Zenye kolini salisileti hazifai kwa walio chini ya miaka 16, kwa kuwa ni jamaa ya aspirini. Zenye benzokeini wala lidokeini zisipakwe ufizi wa mtoto mchanga anayeota meno, kwani zimewahi kusababisha madhara makubwa kwa watoto wadogo.

Iko dawa moja ya kupaka inayofanya zaidi ya kutia ganzi, nayo ni ile nzito yenye triamsinoloni, ambayo ni steroidi. Hupunguza uvimbe wenyewe na hufaa zaidi ikianzwa mapema, kidonda kinapoanza kuwasha. Kausha kidonda taratibu kwa pamba safi, weka tone dogo juu yake baada ya chakula cha usiku, na usisugue, maana ikisuguliwa humeguka na kutoka. Ni vyema mhudumu wa afya akione kidonda kwanza, kwa sababu dawa hii huweza kuzidisha ukungu wa mdomoni na vidonda vya virusi.

Kwa kusukutua, maji ya chumvi bado yana nafasi yake: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji ya vuguvugu, mara 3 au 4 kwa siku, kisha tema. Ya dukani inayojulikana zaidi ni klorheksidini. Ile ya asilimia 0.2 hutumiwa mililita 10 kwa dakika 1, asubuhi na jioni. Haikifungi kidonda haraka sana, ila huzuia bakteria kukiharibu zaidi wakati ambapo mswaki hauwezi kufika. Acha nusu saa ipite baada ya kupiga mswaki, kwa kuwa dawa ya meno huipunguzia nguvu. Ikitumiwa kwa wiki kadhaa hutia meno rangi ya kahawia, na wanywaji wa chai nyingi huliona hilo mapema.

Kuna mambo yanayofanywa nyumbani ambayo huongeza kidonda. Tembe ya aspirini ikibandikwa juu yake huichoma nyama na kuacha kidonda kikubwa zaidi. Chumvi kavu na ndimu hufanya karibu vivyo hivyo. Dawa ya zambarau hutumika kwa ukungu wa mdomoni. Kwa kidonda cha kawaida haisaidii, na ikiwa kali yaweza yenyewe kuchubua. Tena hupaka rangi mahali pote, na daktari akiangalia haoni kidonda kilivyo.

Sasa chukua mfano wa mwanamume wa miaka 45, mtafunaji wa muguka. Donge la majani hulikusanya shavu la kushoto kwa saa nyingi, na upande huohuo ana gego lililovunjika lenye ncha kali. Amepata kidonda pembeni mwa ulimi, mkabala na jino hilo. Wiki ya kwanza kilimuuma, akanunua jeli. Wiki ya tatu hakimuumi tena, akaona kinapona. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu kidonda bado kipo, na ukikigusa kwa kidole kingo zake ni ngumu na zimeinuka. Kutouma hakumaanishi kupona. Saratani ya mdomo mara nyingi huanza bila maumivu yoyote.

Mtu huyu akifika kliniki ya meno, kwa mfano katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi mjini Voi, jambo la kwanza ni kuondoa kinachoweza kuwa chanzo. Jino hulainishwa au kung'olewa, naye huambiwa aache kutafuna upande huo, na aache kabisa tumbaku. Kisha huangaliwa tena baada ya wiki 2. Kidonda kilichotokana na jino kitakuwa kimefunga au kimepungua sana. Kisipobadilika, hukatwa kipande kidogo chini ya ganzi na kupelekwa maabara. Kikiwa kigumu na chenye kutia shaka tangu mwanzo, wiki hizo 2 hazisubiriwi.

Mjadala wa Mei 2024, wakati kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipotangaza marufuku ya muguka, ulihusu hasa vijana. Shavu la mtafunaji halikuzungumziwa sana, ingawa ngozi ya ndani inayosuguliwa kila siku huweza kuwa nyeupe na nene. Weupe usiofutika kwa kitambaa, au wekundu usioisha, uonyeshwe daktari hata kama hakuna kidonda. Hatari huwa kubwa zaidi kwa wanaotafuna tumbaku au tambuu, na kwa wanaovuta sigara huku wakinywa pombe.

Kwa hivyo andika tarehe kidonda kilipoanza. Kikifika wiki 2 bila kupungua, nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kikipita wiki 3, kisiendelee kutibiwa kwa jeli hata kidogo. Usisubiri tarehe yoyote iwapo kuna uvimbe shingoni, jino limelegea bila sababu, mdomo una ganzi isiyoisha au kumeza kumekuwa kugumu. Vidonda vinavyojirudia pamoja na kukonda, au utando mweupe unaofutika na kuacha wekundu, ni sababu nzuri ya kupimwa VVU na sukari.

Mtoto mwenye vidonda vingi kwa pamoja, homa na ufizi mwekundu huenda ana maambukizi ya virusi. Vidonda hivyo hupona, lakini mtoto anayekataa kunywa hukaukiwa maji haraka. Akikaa muda mrefu bila mkojo, apelekwe siku hiyohiyo. Naye mtu yeyote aliyeanza dawa mpya, kama septrini, kisha mdomo ukachubuka na ngozi ikatoa malengelenge au macho yakawa mekundu, afike hospitali mara moja akiwa na dawa hiyo mkononi.