Kuvunja Muhtasari wa Somo: Kutoka Mada Kubwa hadi Orodha ya Kutiki

Kijitabu hiki ni cha mtahiniwa wa kujitegemea anayejiandaa kwa mtihani wa Kidato cha Nne baada ya saa za kazi. Mfano wetu ni mada ya uchanganuzi wa sentensi katika somo la Kiswahili.

Vunja mada

Ukiandika "uchanganuzi wa sentensi" kwenye ratiba, hutajua umefika wapi. Anza kila mstari kwa kitendo unachoweza kujipima:

☐ 1. Kubaini aina za maneno katika sentensi
☐ 2. Kutofautisha kirai na kishazi
☐ 3. Kutofautisha kishazi huru na kishazi tegemezi
☐ 4. Kutambua sentensi sahili, ambatano na changamano
☐ 5. Kuchanganua sentensi sahili kwa matawi
☐ 6. Kuchanganua sentensi ambatano kwa matawi
☐ 7. Kuchanganua sentensi changamano kwa matawi
☐ 8. Kuchanganua sentensi kwa jedwali

Mpangilio huu una sababu: kila mstari unategemea uliotangulia. Mstari unaokula zaidi ya saa moja na nusu bado ni mkubwa, ugawe tena.

Kadiria, kisha pima

Andika makadirio kando ya kila mstari kabla ya kuanza. Tuseme mistari mitatu ya kwanza uliipa dakika 30, 30 na 40, jumla 100. Ulipoisoma kwa saa mkononi, ilichukua 40, 50 na 60, jumla 150. Gawanya 150 kwa 100: unapata 1.5. Hicho ndicho kipimo chako.

Mistari mitano iliyobaki uliikadiria dakika 240. Zidisha kwa 1.5: ni dakika 360, yaani saa 6. Ongeza marudio ya dakika 15 kwa kila mstari, mistari yote minane: saa 2. Jumla ni saa 8. Ukisoma saa moja kwa siku, siku nne kwa wiki, mada hii inahitaji wiki mbili zaidi. Katika somo jingine pima upya, maana kasi hubadilika.

Tiki ina masharti

Usitie tiki kwa sababu umesoma ukurasa. Funga kitabu, chukua sentensi mpya, uifanye mwenyewe. Mfano: "Mtoto aliyeanguka jana amepona." Ukiiita sahili, hukuona kwamba "aliyeanguka jana" ni kishazi tegemezi. Futa tiki ya mstari wa 3 na wa 4, urudi huko. Kuendelea na matawi ya mstari wa 7 kutakupotezea saa nzima.

Baada ya wiki, fanya marudio kwa sentensi nyingine. Ukikwama, mstari huo unarudi kwenye orodha pamoja na dakika zake.