Asali Iliyorudishwa

Tuseme kikundi cha wafuga nyuki huko Inyonga, mkoani Katavi, kimeuza chupa 200 za asali na ndoo 20. Wateja wamerudisha chupa 8 na ndoo 5, nao wamerejeshewa fedha zao. Haraka haraka utasema chupa ndizo zenye matatizo zaidi. Sivyo! Katika kila chupa 100 zimerudi 4. Kwa hesabu hiyo hiyo, katika kila ndoo 100 zingerudi 25.

Sasa tutazame sababu. Katika daftari tusiandike "mbaya" tu, neno hilo halitusaidii. Tuandike chombo, alama ya mrina asali, na kasoro yenyewe. Tena tuifungue na kuionja wenyewe, maana wapo wanaorudisha asali iliyoganda wakidhani imetiwa sukari. Kuganda si ubovu. Iweke chupa katika maji ya moto kiasi, itayeyuka.

Daftari letu linasema hivi: chupa 6 zilivuja kwenye kifuniko, na 2 ziliganda tu. Ndoo zote 5 zimechachuka, zina povu na harufu ya pombe. Nne kati yake zina alama ya mtu mmoja.

Je, alirina mapema? Masega ambayo nyuki hawajayaziba kwa nta yana maji mengi, na asali yake huchachuka. Lakini tusimgombeze bado. Kwanza tuhesabu ndoo alizoleta. Kama 16 kati ya zile 20 ni zake, hizo 4 si ajabu. Afadhali tukague vifuniko na ghala, kwa kuwa asali hunyonya unyevu wa hewa. Kama alileta 5 tu, twende naye mizingani.