Bei ya Dola Iwe na Tarehe ya Mwisho: Somo kwa Wauzaji wa Nje

Mwishoni mwa Januari 2024, dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa takribani shilingi 160. Kufikia mwisho wa Machi, ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 132. Shilingi ilipata nguvu baada ya serikali kukopa nje mwezi Februari ili kulipa sehemu ya deni la dola bilioni 2 lililokuwa likisubiriwa Juni.

Tuseme kikundi cha wasusi Kiambere kilimpa mnunuzi wa ng'ambo bei ya dola 15 kwa kiondo mwezi Januari. Gharama ya kiondo kimoja, pamoja na katani, ususi na usafiri, ni shilingi 2,100. Kwa vyondo 200, dola 3,000 zingeleta shilingi 480,000, na faida ya 60,000. Mnunuzi akikubali na kulipa mwishoni mwa Machi kwa bei ile ile, zinaingia shilingi 396,000. Kikundi kimepoteza 24,000.

Wauzaji wengi huandika hivi chini ya barua ya bei:

"Bei zinaweza kubadilika wakati wowote kwa sababu ya dola."

Maneno haya hayamwambii mnunuzi ana siku ngapi, wala afanye nini ili bei isibadilike. Atakayejibu baada ya miezi miwili atadai bei ya kwanza, nawe huna tarehe ya kumwonyesha. Linganisha na haya:

"Bei ni dola 15 za Marekani kwa kiondo, kwa oda ya vyondo 200. Imetolewa 29 Januari 2024 na itadumu hadi 5 Februari 2024, saa 11 jioni, saa za Kenya. Ili bei isibadilike, tutumie oda kwa maandishi na nusu ya malipo, na fedha ziwe zimeingia katika akaunti yetu kabla ya muda huo. Baada ya hapo tutakupa bei mpya, kwa kuwa gharama zetu ni za shilingi na thamani ya dola hubadilika."

Mnunuzi akija Machi, unaweza kumpa bei mpya ya dola 18 bila ugomvi.

Hata hivyo, barua hii hailindi salio. Mnunuzi akilipa dola 1,500 kwa 160 na zilizobaki kwa 132, unapata shilingi 438,000. Faida imepungua hadi 18,000. Kwa hiyo, oda ikichukua wiki nyingi kusuka, omba malipo ya awali makubwa zaidi.

Kabla ya kupanga bei, iulize benki yako itanunua dola kwa shilingi ngapi. Kiwango hicho huwa chini ya wastani unaotangazwa na Benki Kuu, na ndicho kitakachoingia mfukoni.