Vimelea Havizoei Dawa

Kwenye testi niliandika kwamba vimelea "huzoea" dawa. Nikala sifuri, na nilistahili.

Klorokwini hujikusanya ndani ya kifuko ambamo kimelea cha malaria humeng'enya himoglobini. Kwenye utando wa kifuko hicho kuna protini ya PfCRT. Badiliko lake kuu ni K76T: laisini yenye chaji chanya inageuka threonini, na dawa inapata njia ya kutokea.

Bakteria wa TB kwa kawaida huikwepa rifampisini kivingine. Jeni ya rpoB ikibadilika, dawa inaingia ila haipati pa kushika kwenye kimeng'enya cha kutengeneza RNA.

Mabadiliko haya hutokea kwa bahati tu. Dawa huua wenzao, waliobadilika wanabaki na uwanja. Ndiyo maana TB hutibiwa kwa dawa kadhaa pamoja: ni nadra bakteria mmoja kuzikwepa zote.