UKURASA WA AFYA: Siri Uliyoikuta Kliniki. Useme au Unyamaze?



Katika jumuiya zetu ndogo ndogo tunaulizwa mara kwa mara swali linalogusa afya na dhamiri kwa pamoja: mtu akijua siri ya ugonjwa wa mwenzake, na siri hiyo inaweza kumdhuru mtu wa tatu, afanye nini? Swali hili ni letu hasa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Njombe, kati ya kila watu 100 wenye umri wa miaka 15 na zaidi, zaidi ya 12 wanaishi na virusi vya UKIMWI. Kwa nchi nzima ni kama 4 tu. Kwa hiyo karibu kila familia ina siri ya namna hii, au itakutana nayo.

Mwezi huu tunataka tujifunze hatua sita za kufuata mtu anapokuwa njia panda. Tutatumia mfano mmoja. Tumeutunga sisi wenyewe, asije mtu akadhani anasemwa.

Mfano wetu

Mama mmoja wa Makambako, mfanyabiashara wa viazi, anachukua dawa za kufubaza virusi. Hakutaka kuonekana na majirani zake, kwa hiyo huenda kliniki ya tiba na matunzo Njombe mjini, mwendo wa kilomita 60 hivi. Siku moja, akiwa kwenye benchi, anamwona kijana wa parokia yake akipokea dawa dirishani. Kijana huyo amemchumbia binti wa rafiki yake wa WAWATA. Tangazo la kwanza la ndoa limesomwa Jumapili iliyopita, na harusi ni baada ya wiki nne. Binti humwita mama huyu “mama mdogo”. Mama anarudi nyumbani, na usiku halali.

Hatua ya kwanza: Taja swali lenyewe

Wengi tunakosea hapa kwa sababu tunaanza na jibu. Mama anajiuliza, “Nimwambie rafiki yangu au nisimwambie?” Swali hilo limeshafunga milango mingine yote. Swali sahihi ni hili: “Nina wajibu gani kwa binti ambaye huenda hajui, na nina wajibu gani kwa kijana ambaye siri yake nimeikuta bila yeye kunipa?” Ukishalitaja hivyo, unaona kwamba watu wawili wanakudai, na huwezi kumlipa mmoja kwa kumwibia mwingine.

Hatua ya pili: Kusanya ukweli

Chukua karatasi, uigawe sehemu tatu: niliyoyaona, niliyoyasikia, ninayoyadhani. Mama alichokiona ni kijana kupokea dawa. Kwamba dawa ni zake, hilo anadhani. Inawezekana anamchukulia mzazi au ndugu aliye mgonjwa, maana wagonjwa wengi wana msaidizi wa matibabu. Kwamba binti hajui, hilo pia anadhani. Huenda walikwenda kupima pamoja miezi mingi iliyopita na wakakubaliana.

Ukweli wa kitabibu nao una nafasi yake. Mtu anayemeza dawa zake kila siku, na kipimo cha wingi wa virusi kikaonyesha kwamba virusi vimefubaa kiasi cha kutoonekana, hamwambukizi mwenzake katika tendo la ndoa. Naye mama mwenye virusi akifuata matibabu vizuri wakati wa ujauzito na kunyonyesha, mtoto huweza kuzaliwa na kukua salama. Kwa hiyo hatari anayoiogopa mama wa Makambako inategemea jambo asilolijua: kama kijana anatumia dawa ipasavyo. Lakini hata kama hatari ya kuambukizwa ni ndogo, binti bado ana haki ya kujua anaolewa na nani.

Kuna pia ukweli wa sheria. Sheria ya nchi ya mwaka 2008 kuhusu VVU na UKIMWI inawataka wahudumu wa afya watunze siri ya majibu, na inamtaka aliyepima na kujua hali yake amweleze mwenzi wake. Wajibu wa kusema umewekwa kwanza juu ya kijana mwenyewe, si juu ya jirani. Kwa upande wa Kanisa, kuwa na virusi si kizuizi cha ndoa. Ila anayemdanganya mwenzake kwa hila ili akubali ndoa, katika jambo zito linaloweza kuvuruga maisha yao, anaiweka ndoa hiyo katika hatari ya kuwa batili, kama inavyosema Sheria ya Kanisa namba 1098.

Hatua ya tatu: Tazama nani ataguswa

Binti na kijana tunawaona mara moja. Lakini wapo wengine. Wapo wale wote waliokaa kwenye benchi siku ile. Wanakwenda pale kwa sababu wanaaminiana kwamba yaonekanayo pale hayatoki nje. Siku habari itakapovuja kupitia mgonjwa mwenzao, wengine wataacha kwenda, na anayeacha dawa virusi vyake huongezeka tena. Yupo pia mama mwenyewe: akisema amemwona kijana kliniki, wa kwanza kuulizwa “wewe ulifuata nini pale?” ni yeye.

Hatua ya nne: Andika njia zote

Usiishie kwenye njia mbili. Mama wetu akitulia ataona walau tano: kunyamaza kabisa, kumwambia rafiki yake, kuandika barua isiyo na jina, kuzungumza na kijana peke yake, na kumshauri binti wapime pamoja kabla ya ndoa, bila kutaja aliyoyaona.

Hatua ya tano: Pima kila njia

Katekisimu inatufundisha kwamba tendo hupimwa kwa mambo matatu: tendo lenyewe, nia, na mazingira. Tuanze na tendo lenyewe, kwa sababu nia njema haiwezi kulifanya tendo baya kuwa jema. Barua isiyo na jina inaanguka hapa. Inamtangaza mtu mgonjwa kwa jambo ambalo mwandishi hana hakika nalo, tena inamnyima nafasi ya kujibu.

Kuhusu siri, Katekisimu namba 2491 inatupa kipimo kizuri. Habari inayoweza kumharibia mtu haitolewi bila sababu nzito inayolingana na uzito wa siri yenyewe. Hata siri ya kikazi inaweza kufunguliwa tu pale madhara makubwa sana yanapoepukika kwa njia hiyo peke yake. Jiulize basi: je, madhara ni makubwa? Je, hakuna njia nyingine? Kumwambia rafiki wa WAWATA kunashindwa katika swali la pili, kwa kuwa njia nyingine zipo. Isitoshe, anayehitaji kujua ni binti, wala si mama yake.

Kunyamaza kabisa nako kunaanguka. Kama dhana ya mama ni kweli na binti hajui, yeye angekuwa amemwacha mwanawe wa jumuiya aingie gizani huku taa anayo mkononi.

Zinabaki njia mbili: kuzungumza na kijana, na kumshauri binti wapime. Ya kwanza inatangulia, kwa mfano wa Injili ya Mathayo sura ya 18, ambapo Bwana anatuagiza tumwendee ndugu kwanza tukiwa naye peke yake.

Hatua ya sita: Tenda, halafu urudi kutazama

Uamuzi usio na siku wala maneno ni wasiwasi tu. Mama apange siku ndani ya wiki hii na mahali pa faragha, si kibandani sokoni wala stendi. Aseme machache: “Mwanangu, nilikuona Njombe, nami nilikuwa pale kwa haja yangu. Sikuulizi dawa ni za nani, na sijamwambia mtu. Nakuomba jambo moja: mchumba wako ajue yote anayopaswa kujua kabla ya harusi. Mkihitaji mnasihi wa kliniki awasaidie kuzungumza, nendeni wote wawili.”

Kijana akijibu kwamba mchumba wake anajua, au kwamba dawa ni za baba yake, na hakuna sababu ya kutomwamini, mambo yaishie hapo. Mama asidai kuonyeshwa cheti, na siri aende nayo kaburini. Akiomba muda, wakubaliane siku, mathalani kabla ya tangazo la tatu. Siku hiyo ndiyo ya kurudi kutazama: je, jambo limefanyika?

Akikataa katakata, au siku ikapita kimya, mama achukue njia ya pili. Amwambie binti: “Mwanangu, usifunge ndoa kabla hamjapima wote wawili kituoni na kupokea majibu mkiwa pamoja.” Si uongo, na siri ya mtu haikutajwa. Asisitize neno kituoni. Vipimo vya kujipima nyumbani havifai kwa aliye kwenye dawa, kwa kuwa vinaweza kumwonyesha hana virusi ilhali anavyo. Vyeti vya karatasi vilivyoletwa na mmoja peke yake navyo visitoshe.

Je, binti akipuuza? Basi mama ajiulize upya yale maswali mawili ya Katekisimu, maana sasa njia zimepungua. Kwanza amwendee mnasihi wa kliniki au paroko aombe shauri, bila kutaja majina. Ikiwa bado hakuna njia nyingine, kumweleza binti mwenyewe, faraghani, kile alichokiona kwa macho bila kuongeza dhana, hakuwi tena usengenyaji.

Mipaka ya njia hii

Hatua hizi ni za jirani na ndugu. Mhudumu wa afya ana taratibu za kazi yake na azifuate. Padri aliyesikia jambo katika kitubio hana hatua ya kupima hata moja, kwani siri ya kitubio haifunguliwi kwa sababu yoyote. Na kama mwenye siri ni mke anayeogopa kupigwa au kufukuzwa, asisukumwe kusema peke yake nyumbani. Apitie kwanza kwa mnasihi.

Utajuaje kwamba umeteleza njiani? Ukiona umeshamsimulia mtu wa tatu “ili akusaidie kuombea”, ukiona unasikia utamu unapoifikiria habari hiyo, au kama usingeweza kuyasema maneno yako mbele ya mwenye siri, rudi hatua ya pili na karatasi yako.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika mfano huu, mama angefanya nini kama harusi ingekuwa kesho?
2. Kama aliyeonekana kliniki angekuwa binti, je, tungempima kwa kipimo kilekile?
3. Jumuiya yetu imewahi kumsababisha mtu aache kwenda kuchukua dawa? Tufanye nini ili asiogope kurudi?