SOMO LA KUMI NA MBILI: KUDAI MALIPO YA AWAMU

Daraja la kutoka Kigongo hadi Busisi lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Lina urefu wa kilometa 3 hivi. Kazi kubwa kama hiyo hailipwi yote siku moja. Mkandarasi humaliza sehemu, mhandisi huikagua, kisha hati ya malipo hutolewa. Fundi anayejenga darasa moja kijijini naye hufuata njia hiyo hiyo.

Tuchukue mfano. Fundi amepatana na kamati ya ujenzi ya shule kujenga darasa. Kamati italeta vifaa. Ufundi peke yake ni Sh. 4,000,000/=, katika awamu nne za Sh. 1,000,000/= kila moja: msingi, kuta na lenta, kupaua, na kumalizia. Fundi alipewa malipo ya awali Sh. 400,000/=. Fedha hizo zitakatwa Sh. 100,000/= kila awamu. Tena kila awamu kamati itazuia Sh. 50,000/=, ambazo fundi atalipwa miezi sita baada ya kazi yote kwisha, ikiwa hakuna ufa wala kasoro.

Awamu ya pili imekwisha lini? Hapa ndipo ugomvi huanza. Kama mkataba unasema "kuta zimekwisha" tu, fundi atadai akishapanga tofali la mwisho, na kamati itasema bado lenta. Mkataba wa mfano wetu unasema wazi: "Kuta zimefika juu, lenta imemwagwa zege kuzunguka jengo lote, na mbao za fomu zimeondolewa." Maneno hayo hayana njia mbili.

Sasa angalia jambo ambalo mafundi wengi husahau. Zege likishamwagwa, nondo hazionekani tena. Mkaguzi hawezi kuthibitisha asichokiona. Kwa hiyo fundi wetu aliwaita kamati na mhandisi wa halmashauri tarehe 2 Juni, kabla ya kumwaga zege. Walihesabu nondo nne, wakapima nafasi kati ya ringi, wakaandika na kutia sahihi. Zege likamwagwa tarehe 3 Juni, likamwagiliwa maji kila siku kwa siku saba.

Tarehe 17 Juni mbao ziliondolewa, na wakaguzi wakarudi. Walisimamisha timazi kwenye kila pembe ya kuta. Wakapima kamba kutoka pembe hadi pembe, mara mbili, kwa mshazari. Vipimo viwili vilikuwa sawa, maana yake jengo halikupinda. Lakini juu ya mlango waliona vishimo kwenye zege, na nondo moja ilikuwa wazi. Fundi hakubisha. Kasoro iliandikwa. Kwa maelekezo ya mhandisi aliondoa zege lililolegea, akalowesha mahali hapo, akaziba kwa mchanganyiko wenye saruji nyingi. Tarehe 20 Juni walikagua tena, wakatia sahihi hati ya ukaguzi. Siku hiyo hiyo fundi aliandika barua hii:

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Ujenzi wa Darasa.

YAH: MALIPO YA AWAMU YA PILI

Nakujulisha kuwa awamu ya pili, kuta na lenta, imekamilika kama mkataba unavyosema. Ilikaguliwa na kukubaliwa tarehe 20 Juni. Naomba malipo kama ifuatavyo:

Malipo ya awamu: Sh. 1,000,000/=
Toa malipo ya awali: Sh. 100,000/=
Toa fedha ya kuzuiliwa: Sh. 50,000/=
Ninayodai: Sh. 850,000/=

Mkataba unasema malipo yafanyike katika siku 14 tangu barua kupokelewa, yaani kabla ya tarehe 4 Julai kupita. Nimeambatisha hati mbili za ukaguzi.

Fundi Mkuu (sahihi)

Fundi aliandika nakala mbili. Mwenyekiti alitia sahihi na tarehe ya kupokea kwenye nakala ambayo fundi alibaki nayo. Bila tarehe hiyo, siku 14 hazina mahali pa kuanzia kuhesabiwa. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Angalia pia kwamba fundi hakudai Sh. 1,000,000/= kamili. Angedai hivyo, mweka hazina angerudisha barua, na vibarua wangekaa bila ujira mpaka iandikwe upya.

MASWALI
1. Kwa nini nondo hukaguliwa kabla ya kumwaga zege?
2. Awamu ya tatu ikikubaliwa, fundi atadai shilingi ngapi?
3. Awamu zote nne zikiisha, kamati itakuwa imezuia shilingi ngapi?
4. Andika barua ya kudai malipo ya awamu ya tatu.