Melatonini kwa Wafanyakazi wa Zamu za Usiku

Mtu anayeulizia melatonini kwenye duka la dawa huwa anaomba dawa ya usingizi, na mara nyingi hupewa kwa jina hilo. Akifika nyumbani huimeza akiwa tayari kitandani, kisha anasubiri. Kama shida yake ni kukosa usingizi kwa kawaida, yaani anaingia kitandani saa za watu wote lakini usingizi hauji au unakatika usiku wa manane, atakachopata ni kidogo. Uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba waliomeza melatonini walisinzia mapema kwa wastani wa dakika 7 tu kuliko waliopewa kidonge kitupu. Mwaka 2017 chama cha wataalamu wa usingizi cha Marekani kilishauri isitumike kutibu ukosefu wa usingizi wa aina hiyo kwa watu wazima. Wataalamu wa chama hichohicho, miaka miwili kabla, walikuwa wameipendekeza kwa watu ambao saa ya mwili wao imechelewa. Ushauri huo haugongani, ukishajua homoni hii inafanya nini mwilini.

Homoni ya giza

Melatonini hutengenezwa na tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo, iitwayo pinea. Amri inatoka kwenye saa ya mwili, ambayo ni kikundi cha chembe za ubongo kinachopokea taarifa za mwanga kutoka machoni. Kwa mtu aliyezoea kulala saa 5 usiku, tezi huanza kuimimina kwenye damu kama saa 3 usiku, hubaki juu usiku kucha na kushuka kunapokucha. Mwanga mkali wakati wowote wa usiku huikata.

Kazi yake ni kuuambia mwili kwamba usiku umeingia. Haimlazimishi mtu kulala kama zifanyavyo dawa za usingizi za hospitali. Mtu mwenye mawazo ya karo na kodi ya nyumba, anayegeukageuka saa 7 usiku, tayari ana melatonini yake mwenyewe ya kutosha kwenye damu. Kumwongezea kidonge ni kumimina maji kwenye ndoo iliyojaa. Kinachomkesha ni mwili ulio macho kwa wasiwasi, au mazoea ya kukaa kitandani bila kulala, na tiba inayoanza kushauriwa kwa hilo ni mafunzo ya kubadili mazoea na fikra kuhusu usingizi.

Anayelala mchana yuko mahali pengine kabisa. Saa 3 asubuhi ndoo yake ni tupu. Hapo kidonge kinaleta kitu ambacho mwili hauna.

Muuguzi anayetoka zamu saa 1:30 asubuhi

Tumchukue muuguzi wa hospitali moja ya Dar es Salaam. Siku zake za kawaida hulala saa 5 usiku na kuamka saa 12 asubuhi. Sasa ana zamu 5 za usiku mfululizo, kuanzia saa 1:30 usiku hadi saa 1:30 asubuhi. Saa yake ya mwili haijui habari za ratiba ya wodi. Kama saa 9 au saa 10 alfajiri joto la mwili wake hushuka chini kabisa, na ndipo macho humlemea na makosa ya kuandika dozi huwa rahisi kutokea. Akifika nyumbani saa 2:30 asubuhi, saa hiyohiyo inamwambia kumekucha. Analala saa 3, anaamka saa 7 mchana hajashiba usingizi, na jioni anarudi kazini.

Akimeza melatonini saa 2:30 asubuhi, nusu saa kabla ya kulala, anapata mambo mawili. La kwanza ni usingizi wa mchana ulio mrefu kidogo. Mapitio ya tafiti za wafanyakazi wa zamu yaliyotolewa mwaka 2014 yalikadiria nyongeza ya kama dakika 24, na dozi kubwa haikuonekana kushinda ndogo. Dakika 24 si nyingi, na ushahidi wenyewe si wa nguvu sana, lakini kwa mtu anayelala saa nne kwa siku si haba.

La pili ni lile ambalo pakiti hailiandiki: kidonge cha asubuhi kinasukuma saa ya mwili mbele, ili usiku wake uanze kwa kuchelewa. Hilo ndilo analolihitaji kwa siku hizo 5. Ila haliji kwa mara moja. Kwa siku saa husogea kwa kiasi cha saa moja hivi, hata pungufu.

Jua linaweza kuiharibu kazi yote. Mwanga wa asubuhi unaivuta saa irudi nyuma, kinyume na kidonge, na hapa kwetu jua la saa 1:30 limeshakuwa kali mwaka mzima. Muuguzi anayesubiri daladala juani dakika 40 kisha akameza melatonini amevuta kamba pande zote mbili. Avae miwani ya jua tangu mlangoni mwa hospitali (isipokuwa kama anaendesha mwenyewe na anasinzia), na chumbani aweke pazia zito.

Saa ya kumeza

Kidonge kilekile kikimezwa jioni hufanya kinyume: huivuta saa ya mwili irudi nyuma, na usiku huanza mapema. Nguvu hiyo ni kubwa zaidi kinapomezwa saa kadhaa kabla ya muda wa kulala. Muuguzi wetu akimaliza zamu ya tano alale kidogo tu asubuhi, mpaka saa 6 mchana, kisha ameze nusu miligramu hadi miligramu 1 kama saa 2 usiku na kuingia kitandani saa 5. Kesho yake atoke juani mapema, maana sasa jua linamsaidia.

Kosa tunalolikuta sana ni la kijana ambaye usingizi wake hauji mpaka saa 8 usiku. Anameza kidonge saa 8 hiyohiyo, wakati homoni yake imeshaanza kupanda zamani. Angekimeza saa 3 usiku na kupunguza taa na simu, saa yake ingeanza kurudi taratibu. Na anayeamka saa 9 usiku akaongeza kidonge cha pili ataamka asubuhi mzito. Kuamka mzito, au usingizi kuzidi kuchelewa kila siku, ni dalili kwamba muda wa kumeza umekosewa au dozi ni kubwa.

Kujua uko upande upi, kumbuka likizo yako ya mwisho. Kama ulipoachiwa kulala saa unazotaka ulilala vizuri na ukashiba, shida ni saa ya mwili. Kama hata likizo ulikesha, melatonini haitakufaa sana, mwone daktari.

Kama unabadilishiwa zamu kila baada ya siku 2, usihangaike kuisogeza saa. Itakuwa haijafika popote na ratiba imeshageuka. Kulala kidogo alasiri kabla ya zamu kutakusaidia zaidi.

Kabla ya kununua

Anza na dozi ndogo, nusu hadi miligramu 3. Kipimo kilichofanyika Kanada na kuchapishwa mwaka 2017 kilikuta baadhi ya vidonge vina karibu mara 6 ya kilichoandikwa, vingine chini ya robo, na vingine vimechanganyika na serotonini. Chukua vilivyosajiliwa kama dawa inapowezekana. Usiendeshe gari wala bodaboda baada ya kumeza. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kifafa, anayetumia warfarini, na hasa anayetumia fluvoksamini, ambayo hupandisha melatonini kwenye damu mara nyingi zaidi, aongee na daktari au mfamasia kwanza.